Glasi Mbili za Juisi ya Balungi

Dobi aliingia duka la dawa wakati mfamasia bado anafuta vumbi kwenye kioo cha kaunta. Alikuwa na miaka sitini na ushei, viganja vimekakamaa kwa sabuni, kidole gumba kina kovu la pasi tangu ujanani. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amefua na kunyoosha nguo za mtaa mzima. Kwa kupekua mifuko ya suruali kabla ya kuziloweka, alikuwa amejua mambo mengi ya watu, na yote aliyameza. Maneno hayakuwa fani yake. Msemaji wa nyumba alikuwa mumewe, fundi saa, ambaye watu walimbandika jina la Robo kwa sababu kila saa iliyopita mikononi mwake ilitoka imetangulia dakika kumi na tano. "Mkichelewa msinisingizie," alikuwa akiwaambia wateja.

Robo alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita.

"Shikamoo, mama. Mbona alfajiri hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Nina swali dogo tu." Swali hilo alikuwa amelifanyia mazoezi siku nne, akilisemea mashati kwenye meza ya kupigia pasi. "Nataka kujua kama juisi ya balungi inapatana na vidonge vyangu vya presha."

Mfamasia aliweka kitambaa chini. Alikuwa dada mwembamba, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila alipoinama.

"Nani kakwambia habari za balungi?"

"Mteja wangu mmoja, mwalimu. Kaja kuchukua mashuka, nikamkaribisha juisi, akaruka kama kaona nyoka. Anasema kliniki wamemkataza."

"Na wewe unakunywa kila siku?"

"Kila asubuhi, glasi moja. Tuna mti uani. Huo mti haujawahi kuibiwa hata tunda moja, kwa ule uchungu wake."

Mfamasia akacheka. "Nionyeshe dawa, mama. Maana vidonge vya presha si kitu kimoja. Kuna vinavyogombana na balungi, kuna visivyolijali."

Dobi alifungua mkoba, akatoa kipande cha vidonge. Mfamasia alikigeuza, akasoma maandishi ya mgongoni.

"Hii ni amlodipini. Basi tulia. Kwa dawa hii, glasi moja ya balungi haibadilishi kitu cha maana. Ukiona kizunguzungu au miguu inavimba, njoo tuangalie. Vinginevyo, kunywa juisi yako."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ila naona vidonge vimebaki vingi. Umeviacha?"

"Siku nne. Niliogopa."

"Aa, mama! Hapo umefanya kosa kubwa kuliko juisi. Usiache dawa ya presha bila kuuliza. Leo ukifika nyumbani, unameza kidonge."

Dobi aliitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Alisimama ameshika mkoba kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Kisha akatoa bahasha ndogo ya karatasi, imekunjwa mara mbili, akaisukuma juu ya kioo.

"Na hivi?"

Ndani ya bahasha mlikuwa na vidonge vitano. Mfamasia alivitazama kwa muda mrefu kuliko vile vya kwanza. Juu ya bahasha palikuwa na mwandiko wa mfamasia mwenyewe: kimoja kila asubuhi.

"Hivi ni vya nani?"

"Ni vyangu pia."

"Mama." Sauti yake ilishuka. "Hii ni felodipini. Sikuwahi kukupa wewe."

Dobi akainamisha kichwa. "Ni vya baba yao. Kliniki walimbadilishia, zile kama zangu ziliwaishia. Wewe ndiye ulimpa. Nijibu tu, mwanangu. Balungi na hivi?"

Ingekuwa rahisi kumdanganya, na Dobi aliuona urahisi huo ukipita usoni mwa yule dada, ukapotea.

"Havipatani," alisema mfamasia. "Tumboni kuna kitu kinachovunja sehemu kubwa ya dawa hii kabla haijaingia kwenye damu. Kipimo kimepangwa hivyo, kwamba nyingine itapotea njiani. Balungi linakizuia kitu hicho. Kwa hiyo mtu anameza kimoja, mwili unapata kama viwili, pengine zaidi. Presha inashuka kupita kiasi."

"Kama mtu akimeza saa moja, juisi akanywa saa nne?"

"Haisaidii. Nguvu ya balungi inakaa tumboni zaidi ya siku nzima."

Dobi alivuta kiti cha plastiki cha wagonjwa, akakaa. Alizungumza huku akiutazama mkoba.

"Wiki ya kwanza alisema kichwa kinamgonga. Uso ukawa unamwiva. Halafu ikawa kila akisimama anashika ukuta. Ananiambia, 'Mke wangu, sakafu hii umeipiga sabuni nini, mbona inanikimbia?' Mimi nikaona kaishiwa nguvu. Nikamwongezea glasi ya pili. Hakuitaka. Nikasimama pale mlangoni mpaka akaimaliza. Siku ya tatu yake akaanguka bafuni, akapiga kichwa kwenye ukingo wa sinki. Hakuamka tena."

Nje mtu alikuwa akifagia mbele ya duka la jirani.

"Ni mimi nilimuua?"

"Siwezi kujua kilichomwangusha," mfamasia alisema taratibu. "Mzee wa umri wake anaweza kuteleza tu. Nikikwambia balungi halikuhusika, nitakuwa nakuongopea. Linaweza kuwa lilichangia. Hapo ndipo ujuzi wangu unapokomea."

"Sisi wote wawili tulikuwa tunakunywa kutoka jagi moja," Dobi alisema. "Nilikuja hapa nikiomba uniambie na mimi imenidhuru. Kumbe mimi salama." Neno hilo lilimtoka kama kitu kichafu.

Mfamasia alizunguka kaunta. Mkononi alikuwa na boksi la felodipini alilolitoa rafuni. Alilifungua, akachomoa karatasi nyembamba iliyokunjwa mikunjo mingi, akaikunjua magotini mwa Dobi na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Dobi alivaa miwani yake, akasoma polepole, midomo ikicheza. Neno balungi lilikuwepo, limeandikwa waziwazi.

"Kila boksi lina karatasi moja," mfamasia alisema. "Ndani kuna vipande vitatu. Mimi nakata kipande, natia kwenye bahasha, nampa mtu. Karatasi inabaki kwenye boksi hapa dukani. Ndivyo tulivyozoea. Baba alikuja, akanitania kwamba saa yangu ya ukutani imechelewa, tukacheka, nikampa bahasha. Sikumuuliza anakunywa nini asubuhi. Wewe hukuwa na namna ya kujua, mama. Mimi nilikuwa nayo."

Dobi hakuwa na hasira ya kumpa huyu binti, na huruma pia hakuiona bado. Alichokuwa nacho ni ile picha ya Robo akikunja uso, akimeza funda la mwisho ili tu mkewe aondoke mlangoni.

"Lete mkono," mfamasia alisema.

Alimfunga kitambaa cha mashine ya presha, mashine ikavuma, ikabana, ikalegea. Mia moja themanini na mbili, juu ya mia moja na nne.

"Huendi popote kwanza. Nakuletea maji, umeze kidonge chako hapa hapa. Tutapima tena baadaye, na ikibaki hivi nakupeleka kliniki mwenyewe."

Dobi alimeza kwa maji. Mteja aliingia, akagonga kioo, akaomba dawa ya kikohozi.

"Nisubiri kidogo, kaka," alisema mfamasia, akavuta kiti cha pili, akakaa kando ya Dobi. Walikaa hivyo, mabega yamegusana, karatasi ingali imekunjuliwa magotini.