Elfu Hamsini za Karatasini

Karakana yetu ya milango ya nakshi ipo Malindi, na mie ndiye mhasibu wake. Bili ya umeme haijui imeuchonga mlango upi, wala kodi, wala mlinzi, wala mshahara wangu. Kwa hiyo kila Januari hukadiria gharama hizo za jumla na saa za mafundi. Mwaka ule nilikadiria laki sita kwa saa elfu tatu, yaani shilingi mia mbili kwa kila saa. Kadi ya kila mlango ilibeba mbao zake, ujira wa fundi, na mia mbili hizo kwa kila saa aliyoufanyia kazi.

Desemba ikafika. Mafundi walikuwa wamefanya saa elfu tatu na mia mbili, kwa hiyo milango ilibebeshwa laki sita na arobaini elfu. Gharama halisi, mshahara wangu wa Desemba ukiwemo, zilikuwa laki tano na tisini elfu. Tumezidisha elfu hamsini. Milango yote ilikwisha kuuzwa, basi kilichobaki ni kuipunguza gharama ya mauzo vitabuni kwa kiasi hicho.

Kosa langu lilikuwa kumweleza mwenye karakana.

"Zimezidi?" akaruka mzee. "Alhamdulillahi! Ziko wapi?"

"Hazipo popote, mzee wangu. Ni za karatasini. Tuliibebesha milango kuliko ilivyostahili."

"Mwanangu, kitu hakizidi kisha kisiwepo!"

Akafungua sefu. Mle ndani mlikuwa na bahasha ya elfu hamsini, mshahara wangu ule wa Desemba, niliopanga uezeke nyumba ya mama kule Kaloleni kabla ya masika. Mzee akaitoa akicheka. "Ndizo hizi! Nawe wanificha?"

Nikaapa, nikamchorea hesabu, nikapandisha sauti hadi mafundi wakaacha randa zao. Wakasikia neno moja tu: zimezidi. Wakapiga makofi. Adhuhuri bahasha ilikuwa tupu na ng'ombe dume amefungwa mlangoni, na kufikia alasiri alikuwa pilau.

Nilimfuata mzee na kalamu, nimevimba kwa hasira. "Huyu ng'ombe nimwandike wapi? Akiwa wako, ni matumizi yako binafsi."

"Wangu? Karamu ya mafundi hii! Muweke na umeme."

Nikamweka na umeme, na mshahara wangu ukabaki vitabuni kama deni. Gharama halisi zikapanda hadi laki sita na arobaini elfu, sawasawa na tulichoibebesha milango. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua, hakuna cha kurekebisha. Katika kazi yangu yote sijapata kufunga hesabu iliyonyooka vile.

Mzee akanipigapiga bega. "Waona? Ungenisikiliza tangu asubuhi."

Nililia kwa ghadhabu, na pilau lilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi. Nikaongeza sahani. Kisha nikampigia mama kumwambia mabati yatangoja, kwa kuwa nilikuwa nayatafuna.