Kona ya Kibanja Niliyoikwepa

Kutoka Tunduma hadi Karagwe nililala njiani mara mbili, na kila basi lilipoharibika nilishukuru kimoyomoyo. Unajua ile hali, rafiki yangu? Kuomba usifike mahali ulikokata tiketi mwenyewe. Pikipiki iliponishusha Nyakasimbi, harufu ya majani makavu ya migomba ilinikamata koo, nikawa na miaka kumi na mmoja tena.

Mwaka ule baba alikuwa amezikwa kibanjani, shamba linalozunguka nyumba, kama ilivyo desturi ya kwetu, kwenye kona ya chini kati ya migomba na mibuni. Kona ile niliachiwa mimi, mwanawe, niitunze: kupogoa majani yaliyokauka, kung'oa magugu, kutandaza nyasi. Sikuigusa. Magugu yakafika kiunoni.

Jambo linalonikera hadi leo ni kwamba sikuwa nimekaa bure. Alfajiri nilishachota maji mara tatu. Nilipasua kuni, nilianika kahawa, nilimenya ndizi za watu wote mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Hata kibanja cha jirani nilikipalilia bila kuombwa. Lakini nikiikaribia kona ile, nilikumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajanywa maji. Nikigeuka tu, nafuu ilinishukia kama kivuli. Nafuu ile ndiyo iliyokuwa mtego. Kesho yake nilirudi kuitafuta tena, na magugu yalikuwa yameongezeka, na aibu nayo.

“Munafu huyu!” baba mdogo alitangaza mbele ya wageni waliokuwa wakitafuna punje za kahawa za kukaribishia wageni. Yaani mvivu. “Ukoo ukikaa Jumapili nitaomba kona ile nipewe mimi. Ardhi haiachwi ilale mikononi mwa mtoto.”

Mwalimu naye alinichapa viboko kwa uvivu uleule aliousikia kwa watu. Kadiri walivyoniita mvivu ndivyo miguu ilivyozidi kuwa mizito. Sasa nilikuwa na mambo mawili ya kukwepa: kona, na jina.

Ni bibi peke yake aliyetazama vizuri. Siku ya Alhamisi alinikuta napanga upya kuni nilizokwisha kuzipanga.

“Mjukuu wangu, mvivu hapangi kuni mara mbili. Ukifika kule chini, nini kinakushika?”

“Hakuna, bibi.”

“Kinakushika wapi?”

Nikaonyesha koo. Na kwa kuwa hakunikaripia, yakatoka yote. Baba akiwa kitandani aliniita nikae naye. Nilimsikia. Nikajifanya sikusikia, nikaenda kucheza mpira, kwa sababu kikohozi chake kilinitisha. Niliporudi, wanawake walikuwa wanalia.

Bibi hakusema si kosa langu. Alichukua mundu, akanishika mkono mpaka kwenye kona, akaketi juu ya majani.

“Leo hatusafishi. Kaa. Ukiweza, kata jani moja.”

Nilikata moja. Koo likabana, nikainuka kukimbia.

“Ngoja,” alisema. “Kiache kije. Kitapita, nawe utakuwa bado upo hapa.”

Nililia, nikapenga makamasi, na kweli kikapita. Ijumaa kilikuja tena, kidogo zaidi. Nikapogoa mashina matano. Jumamosi nilifanya kazi huku kimekaa pembeni yangu, nikatandaza nyasi mpaka kaburini.

Jumapili ukoo ulikaa, kona ikabaki yangu. Baba mdogo akacheka: “Mnaona? Maneno yangu yamemnyoosha!” Wote wakakubali. Nilitaka kumtupia usoni kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi. Bibi alinifinya tu paja.

Ungedhani nilijifunza. Bibi alipofariki nilikuwa Tunduma, nikasema nitakwenda mwisho wa mwezi. Nikaomba zamu za watu, nikapaka rangi nyumba isiyo yangu. Ikapita miaka sita, na kila mwaka nilijitukana mvivu, kama vile tusi lile liliwahi kunisogeza hatua moja.

Safari hii mtoto wa baba mdogo alinipokea. Nusu ya kibanja sasa ni mikaratusi, haina harufu ya nyumbani. Mibuni ya baba imeng'olewa. Kaburi la bibi lilikuwa ndani ya magugu, kwenye kona ileile.

“Kaka, miaka sita! Kweli wewe mvivu wa kuzaliwa.”

“Sikuwa mvivu,” nilimwambia. “Nilikuwa naogopa kuliona kaburi lake.”

Akaenda akaleta miundu miwili, wake na wangu.

Siku ya tatu nilimkabidhi kona ile mbele ya wazee, kwa kuwa ardhi inahitaji mtu anayekaa. Asubuhi ya kuondoka kwa mara ya mwisho, pikipiki ilipiga honi barabarani. Nilikuwa nimekaa juu ya majani kwenye kona ile, koo limebana. Nikamwashiria dereva asubiri. Nikangoja kipite, ndipo nikainuka.