Karatasi Ndefu ya Jioni

Mama Rangi hakuwa mtu wa kuamini upesi. Noti aliinyanyua kwenye mwanga hata akiwa amepewa na dada yake wa tumbo moja, na fundi akija kuomba makopo kwa mkopo, aliulizwa maswali mpaka akajuta kuzaliwa fundi. Duka lake la rangi na brashi lilisimama kwa jicho hilo, na asiyelipenda aende akafungue lake.

Kaunta aliiachia wifi yake, mdogo wa mumewe, mwanamke aliyeachika na kurudi mjini na watoto wawili. Mshahara wa pale ndio uliowalisha na kuwasomesha. Mama Rangi alilijua hilo, na bado lilimwingia wazo baya.

Wazo lenyewe lilianzia benki. Wateja wengi siku hizi walilipa kwa kadi au kwa simu, na kila alipolinganisha mauzo na kilichoingia kwenye akaunti, kilichoingia kilikuwa pungufu. Si kingi, lakini kila siku. Mwizi mjinga huchota mara moja, akajiambia, huyu wangu ana akili.

Akaanza kumchungulia wifi kutoka stoo, katikati ya makopo. Kila jioni, wateja wakiisha, wifi aliinamia mashine ya kadi, akabonyeza vidole haraka haraka, na mashine ikatema karatasi ndefu kama mkia. Karatasi akaikunja, akaibana kwenye faili. Hapo ndipo ananikata, Mama Rangi akasema kimoyomoyo.

Jumapili akampigia simu mumewe, aliyekuwa safarini kikazi, akamwambia dada yake ni mwizi. Jumatatu asubuhi akamkabili wifi mlangoni.

"Wifi, nipe ufunguo. Leo nitakaa mwenyewe."

"Kuna nini, wifi?"

"Pesa hazitimii. Wewe ndiye unayeshika mashine."

Wifi akautoa ufunguo kwenye pochi, akampa, akashika njia ya nyumbani. Na hilo nalo Mama Rangi akalihesabu kuwa ushahidi.

Aliuza siku nzima kwa raha ya mtu aliyeziba tundu la panya. Jioni akaizima mashine, akafunga duka. Jumanne akafungua simu kutazama akaunti. Pesa za malipo ya simu zilikuwa zimeingia, pungufu vilevile. Za kadi hazikuwamo kabisa. Hakuna hata senti.

Akakaa juu ya kopo la rangi nyeupe. Jana dukani alikuwamo yeye peke yake.

Basi mwizi ni benki, akaamua, akaenda huko na sauti iliyomtangulia mlangoni. Kijana wa dawati la wafanyabiashara akamvutia kiti.

"Mama, mashine jana uliifunga?"

"Niliizima kwa mkono wangu."

"Kuizima hakutoshi. Yenu haijifungi yenyewe. Jioni lazima mtu afunge hesabu ya siku, itoe karatasi ya jumla, ndipo mauzo yatufikie. Akifunga leo, pesa inaingia siku ya kazi inayofuata. Asipofunga, mauzo yanakaa mle mle kwenye mashine."

Mama Rangi akasogeza kiti karibu na dawati. "Inatoa karatasi ndefu?"

"Ndefu, ndiyo. Miezi yote ilikuwa inafungwa vizuri. Kasoro ni jana tu."

"Na ule upungufu?"

Kijana akamwonyesha mkataba wenye sahihi ya Mama Rangi mwenyewe. Kadi, katika kila mia inakatwa mbili na nusu kabla pesa haijaingia. Simu inakatwa moja, na inayobaki inaingia kesho yake. Mama Rangi alisoma mara tatu, akitafuta pa kugombania. Hakupapata. Wifi hakuwa ameiba hata mia.

Aibu ilimshika njiani. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi, akamkuta anaanua nguo, akamwambia yote na kumwomba radhi. Kisha, kwa kuwa mauzo ya jana bado yalikuwa yamenasa, akamwomba aje ayafunge.

"Nitakuja," wifi alisema. "Ila kaka amenipigia jana. Ameniuliza nimeiba kiasi gani."

Dukani wifi hakupita nyuma ya kaunta. Alisimama upande wa wateja, akaivuta mashine katikati, akakunja mikono ya blauzi mpaka kwenye viwiko. Akabonyeza kitufe kimoja kimoja, akikitaja kwa sauti, na kila alipomaliza kimoja aliweka kiganja wazi juu ya kaunta. Karatasi ikatoka. Hakuigusa.

"Soma mwenyewe, wifi. Kesho jioni utafanya hivyo hivyo."

"Kesho si utakuwepo?"

Wifi akashusha mikono ya blauzi, akafunga vifungo vyake. "Kesho naenda kutafuta kazi," alisema.