Wafugaji Niliowafuta

Nilipoanza kazi ya kuchapa barua kwenye duka la vifaa vya ofisi Korogwe, nilikuwa na maringo, sikatai. Kompyuta mjini zilikuwa za kuhesabu, na mbele ya moja nilikaa mimi! Programu yake ilikagua Kiingereza: mstari mwekundu chini ya neno isilolijua, wa kijani chini ya sentensi iliyoitilia shaka. Wateja waliamini mistari ile itachapwa kwenye karatasi. "Dada, niondolee huo uchafu," walisema. Nami nabonyeza kukubali, kukubali, mpaka ukurasa unakuwa mweupe pe.

Tajiri wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa na sharti moja: barua ya Kiingereza haitoki kabla mwenye barua hajasomewa kwa Kiswahili. Niliona anatupotezea muda tu.

Siku moja akaja mama kutoka kijiji kimoja cha Handeni, mwenyekiti wa wanawake wakulima. Walikuwa wanawaomba wafadhili pampu ya kisima, na rasimu aliiandika mwalimu wa shule ya kijijini kwao. Sentensi moja ilikuwa kijani tupu. Mashine ilisema ni ndefu mno, basi, haikutoa pendekezo. Nikaikata mkia. Kijani kikatoweka. Safi!

Nikamsomea. Nilipofika hapo akanishika mkono. "Mwanangu, wafugaji wako wapi?"

"Wafugaji gani, mama?"

"Tumegombana nao siku tatu ndipo tukapatana. Sisi tuchimbe, wao walinde pampu, ng'ombe wao wanywe. Barua ikienda bila wao, watasema tumewageuka. Hapo hakuna pampu, ni fimbo tu."

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimefuta watu na ng'ombe wao ili kuuridhisha mstari.

Tajiri hakunigombeza. Alivuta kiti, akaniambia nirudishe rasimu, nifungue maelezo ya kila mstari, niseme kwa mdomo wangu kwa nini nakubali au nakataa. Kitenzi kimoja hakikulingana na wingi wa wanawake. Hapo mashine ilisema kweli, nikarekebisha, na kosa lile sijalirudia. Jina la kijiji lilipigiwa mstari mwekundu, nikapewa badala yake neno la Kizungu la ajabu. Tukacheka sana, nikaliacha jina lilivyo. Sentensi ndefu nikaigawa mbili, wafugaji wote ndani.

Nikasoma tena. "Haya, sasa ni barua yetu," mama akasema.

Pampu ilikuja, nami nikaalikwa. Maji yaliruka, wanawake wakapiga vigelegele, ng'ombe wakasukumana. Nikamsalimia mzee wa wafugaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye binti uliyetuandika?"

Nikamtazama mama.

"Ndiye huyo," akasema mama, macho makavu kabisa. "Hakuacha hata mmoja."

Mzee akachota kikombe cha kwanza, akanipa mimi. Nikanywa huku nalia na kucheka.