Nilivyoacha Harusi Nikabaki na Nyufa

Mwaka ule mume wangu alipofariki, kibao cha studio yetu ya picha pale mtaani Kalangalala kilikuwa na maneno mengi kuliko kuta za shule. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, misiba, pasipoti, picha za vitambulisho, kusafisha picha za zamani, kalenda. Yeye ndiye aliyekuwa anaongea na wateja. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera. Mtu akiingia na shida yoyote yenye picha ndani yake, mume wangu alikuwa anasema tunafanya, kisha anataja bei, kisha anaishusha kabla mteja hajafungua mdomo.

Baada ya matanga nilirudi kazini kwa sababu sikujua pa kwenda. Sikulia sana. Watu walidhani nimejikaza. Kwa kweli nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Nilipiga picha maharusi wakikata keki, nikapiga picha majeneza, na mwisho wa juma nilipofungua kompyuta sikuweza kukumbuka nilikuwa wapi siku ipi.

Wateja walinihurumia, na huruma yao ilikuja na punguzo. Waliniambia kwa upole kwamba marehemu alikuwa anawafanyia kwa bei ya nusu, nami sikuwa na nguvu ya kubisha. Nilifanya kila kitu, kwa hiyo kila mtu aliweza kunilinganisha na yeyote mwenye kamera kati ya stendi na soko. Kijana akinunua kamera ya mtumba leo, kesho bei yangu inashuka.

Kazi ya nyufa ilikuja kwa bahati tu. Kampuni ya wahandisi washauri kutoka Mwanza ilikuwa inakagua nyumba za kijiji kimoja karibu na mahali ambapo mgodi ulipanga kufungua shimo jipya. Kabla baruti haijaanza kulipuliwa, walitaka kila nyumba ipigwe picha kama ilivyo, ili baadaye mtu akisema ukuta wake umepasuka kwa milipuko, pawe na pa kuangalia. Mpiga picha wao aliugua. Mtu wa nyumba ya wageni walikofikia akawaelekeza kwangu. Nikataja bei ya siku, ileile ya harusi ndogo, wakakubali haraka mno.

Nilipiga picha zile kama nilivyozoea. Nilitafuta mwanga mzuri, nikasimama mahali panapopendeza, na jioni nikazisafisha kwenye kompyuta, nikaondoa madoa ya moshi ukutani na kung'arisha vivuli. Zilikuwa picha nzuri. Injinia aliyekuwa anasimamia kazi, mwanaume wa makamo mwenye sauti ya chini, alizipitia moja moja kisha akafunga kompyuta.

"Mama, hizi siwezi kuzitumia," alisema. "Ufa huu ni mpana kiasi gani? Uko chumba gani? Na hapa umefuta kitu. Mwenye nyumba akiliona hili, ataniuliza umefuta na nini kingine."

Hakuwa mkali. Alinilipa siku zangu kama tulivyokubaliana na akaagiza mtu mwingine kutoka mbali aje kurudia. Ningepaswa kuona aibu. Niliona tu kwamba amesema kweli, kama mtu anavyoona kwamba nje kunanyesha.

Yule mpiga picha aliyekuja kurudia kazi aliniruhusu nimfuate siku mbili. Nilimbebea stendi ya kamera. Alikuwa na kadi ya plastiki inayopitisha mwanga, yenye mistari ya unene tofauti, anaibandika kando ya ufa na kuupima. Kila ukuta aliupiga kwanza mzima, kisha akasogea, kisha karibu kabisa pamoja na kadi, karatasi yenye namba ya nyumba, namba ya ufa na tarehe. Flashi aliiweka pembeni, si mbele, ili mwanga ulale juu ya ukuta na ufa mdogo utupe kivuli. Alichora ramani ndogo ya nyumba na kutia alama aliposimama, ili mtu mwingine arudi miezi kadhaa baadaye asimame palepale. Hakusafisha chochote. Mwishoni mwenye nyumba aliangalia picha zake, akasaini, na nakala ikabaki kwake.

Nilimuuliza analipwa kiasi gani. Akaniambia, na ilikuwa mara kadhaa ya bei yangu. Hakujisifu. Alisema yeye hapigi harusi.

Nilirudi nyumbani nikaanza na nyumba yangu. Kisha ya jirani, kisha mtaa mzima, bila malipo, kila aliyenikubalia. Nyumba za mtaa wetu zina nyufa za kutosha: za plasta iliyokauka vibaya, za msingi uliozama, zile za mshazari zinazoanzia kwenye kona ya dirisha pasipo na lenta, ule mkanda wa zege wa juu. Fundi mwashi mmoja mzee alinifundisha kuzitofautisha. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi na kumnunulia chai, naye aliniambia mimi nisiandike kamwe ufa umesababishwa na nini. Hiyo si kazi ya mwenye kamera. Niandike ulipo, urefu wake na upana wake, ninyamaze. Kunyamaza hakukunisumbua. Kwa mwaka mzima nilikuwa sifanyi kingine.

Kutoka kwenye nyumba ile ya jirani nilitengeneza ripoti moja kamili, kurasa kumi na nne, nikaichapisha na kuifunga vizuri. Kisha nikashusha kibao. Fundi wa maandishi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Kibao kipya kilisema tu: Picha za ukaguzi wa majengo, kabla na baada ya milipuko na ujenzi. Kwenye simu nilifuta picha zote za maharusi ambazo wateja walikuwa wanaziona. Miaka yetu ilikuwa humo. Nilibonyeza, zikaondoka, nikaenda kuosha vyombo.

Miezi mitatu karibu hakuja mtu. Wale wa pasipoti walisimama mlangoni, wakasoma kibao, wakaenda kwa dada mmoja ng'ambo ya barabara. Nilimpelekea mwenyewe wateja wangu wote wa zamani, pamoja na lile pazia jeupe la studio na viti.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kutoka Kahama kunieleza kuhusu sendofu ya binti yake. Alikuja na maelezo yote, sare, ukumbi, saa. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia picha atapiga yule dada wa ng'ambo, na kwamba mimi nitakuja kukaa kama mtu wa familia.

Aliweka soda yake chini. "Kaka yangu asingekataa."

"Asingekataa," nikasema. "Ndiyo maana hatukuwa na kitu."

Nilijua nimesema neno gumu juu ya marehemu. Nilisubiri moyo uume, haukuuma. Wifi alichukua pochi yake akaondoka bila kumaliza soda. Kwenye sendofu nilikwenda, nikakaa meza ya wakwe, nikala pilau. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kuona sherehe kwa macho mawili. Watu walicheza. Sikujua mikono niiweke wapi.

Injinia alinipigia mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa na kijiji kingine, na alisikia kwa yule mpiga picha kwamba nimebadilika. Tulikutana kwenye ofisi yao ya muda, chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilimpa ripoti ya nyumba ya jirani. Aliisoma yote, hata ramani. Kisha akaniuliza bei ya siku.

Nilimwambia siku hizi sihesabu siku. Nahesabu nyumba, na bei ya nyumba ina kila kitu ndani yake: picha, vipimo, mchoro, ripoti, saini ya mwenye nyumba na nakala yake, na picha za mwanzo bila kuguswa, zinazotunzwa sehemu mbili. Nikataja kiasi.

Akasema wapiga picha wa hapa mjini wanachukua laki moja kwa siku, na kwa siku wanaweza kumaliza nyumba nyingi.

"Najua," nikasema. "Mimi nilikuwa mmoja wao, na ulizirudisha picha zangu. Ulilipa kazi ile mara mbili."

Akakaa kimya. Nami nikakaa kimya. Zamani mume wangu angejaza ukimya ule kwa punguzo. Watu wananiuliza nilipata wapi ujasiri, nami sipendi kudanganya: haukuwa ujasiri. Hofu yenyewe ilikuwa haifiki. Angekataa ningerudi nyumbani kupika ugali, na angekubali ningerudi nyumbani kupika ugali.

Hatimaye akauliza kama naweza kupunguza. Nikamwambia naweza kupunguza idadi ya nyumba, siwezi kupunguza hatua. Aanze na kumi, zile zilizo karibu zaidi na shimo. Akiona hazina faida, tuachane. Akaandika kumi kwenye daftari lake, akachora mstari chini yake.

Nyumba ya nne kati ya zile kumi ilikuwa ya bibi mmoja wa Kisukuma aliyehamia huko zamani kutoka Kishapu. Mwenyekiti wa kitongoji alinitambulisha. Nilimwamkia kwa Kisukuma, mwadila, naye akauliza mimi ni wa wapi, nikamwambia Kishapu vilevile, upande wa Mhunze. Baada ya hapo hakutaka kuniacha. Alinifuata chumba kwa chumba akinionyesha nyufa kwa fimbo yake, na mimi nikizipima. Mmoja juu ya mlango aliupita bila kuuonyesha. Nikauonyesha mimi.

"Huo acha," alisema. "Huo ni wa siku nyingi. Wataona nyumba yangu ilikuwa mbovu tangu mwanzo."

Nilimweleza polepole kwamba nikiuacha, siku ukiongezeka hatakuwa na la kusema, maana hakuna atakayejua ulianzia wapi. Nikiupima leo na kesho ukawa mpana zaidi, karatasi itamsemea. Alifikiri, akasogeza kiti kilichokuwa njiani ili niweke stendi. Nilipomaliza nilimwonyesha kila picha kwenye kioo cha kamera. Hakuwa anasoma, kwa hiyo mjukuu wake wa kike, anayeishi nyumba ya pili, alisoma namba kwa sauti, naye akaweka dole gumba kwenye wino.

"Wabeja," alinishukuru, akalifuta lile dole kwenye kanga yake. Kisha akaniuliza kama nina mume. Nikasema alifariki. Akatikisa kichwa, hakunipa pole, akauliza kama nimekula.

Nilikula viazi vitamu na maziwa mgando mezani kwake, kamera ikiwa imefungwa kwenye mfuko. Nilikula vyote. Injinia alinipa nyumba zilizobaki za kijiji kile wiki iliyofuata kwa bei ileile, kisha kijiji cha pili, na siku hizi nakataa kazi nyingi kuliko ninazopokea. Wifi bado haniiti wifi. Siku ile kwa bibi, niliinuka nikanawa mikono, nikaenda nyumba ya tano.