Kizuizi Kilichotupikia

Mimi si mtu wa kuaga. Nikihamishwa nafunga begi, basi. Lakini mhandisi mkazi haondoki kienyeji namna hiyo. Wewe ndiye unayemsimamia mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi, kwa hiyo siku ya kuondoka lazima umwandikie anayekuja hati ya makabidhiano: mambo gani hayajaisha, mkandarasi anadai nini, na pale saiti nani anaelewana na nani. Mrithi asiposaini, hutoki.

Barabara yetu ilikuwa Ilemela, inashuka toka mlimani kwenye nyumba zilizobanana na mawe hadi ufukweni. Mambo mengi kwenye hati yangu yalikuwa mepesi: nguzo ya umeme ambayo haijahamishwa, vipimo vya zege vinavyosubiri majibu ya maabara. Kilichonitoa jasho ni kitu kimoja tu, mtaro mkubwa wa kumwaga maji ya mvua ziwani. Ulitakiwa upite kati ya miamba miwili mikubwa kama nyumba, na kushoto na kulia kwake ni mwamba tena. Na pale katikati, penye uwazi pekee Mungu aliotuachia, kulikuwa na kibanda cha mama lishe.

Mama huyo alikuja baada ya wathamini kupita, kwa hiyo hakuwemo kwenye orodha ya fidia. Mwenye mradi akasema hamjui. Ofisi ya kata ikasema inamjua ila haina pa kumpeleka. Mkandarasi naye akasema kusafisha eneo si kazi yake, na hapo alikuwa na haki. Akaandika barua ya madai: amenyimwa eneo la kazi, aongezewe muda na alipwe kwa mashine zake kukaa bure. Kila mwezi alileta barua nyingine kukumbushia kwamba kizuizi bado kipo.

Sasa sikia kituko. Barua hizo meneja wa mkandarasi, baba mmoja wa Mara mwenye sauti ya kwaya, alizisainia ndani ya kizuizi. Anasukuma bakuli la samaki, sato, pembeni, anafuta vidole, anasaini, ananipa. Mimi nasaini kupokea, naiweka chini ya kikombe isipeperuke, tunaendelea kula. Kwenye barua tulikuwa maadui wa kufa na kupona. "Tunasikitishwa sana na uzembe wa upande wenu," anaandika, huku ananisogezea pilipili kama dada yake.

Wala usidhani tulikuwa wajinga. Mambo yote magumu ya mradi ule yalimalizika kwenye benchi lile. Zege likikataliwa asubuhi ofisini kwa maneno makali, mchana kwenye ugali tunakubaliana livunjwe hadi wapi. Nililieleza hilo vizuri kwenye kifungu cha uhusiano, kurasa mbili nzima. Makao makuu ya kampuni yetu ya ushauri wakazifyeka, wakaacha maneno matatu: "Uhusiano ni mzuri." Nilikasirika mpaka nikacheka.

Wiki yangu ya mwisho, mama lishe alituwekea mlenda mezani, akasimama na mwiko mkononi.

"Injinia, nikuulize. Hicho kizuizi mnachokigombania kila siku, mbona hamkiondoi mkapumzika?"

Meneja akapaliwa na mchuzi. Mimi nikatazama ugali. Yule mama alikuwa na umri wa mama yangu, kila siku namwamkia shikamoo na ananiita mwanangu, na mwaka mzima nilikuwa nakula kwake huku namwandika kama gogo lililoanguka njiani. Ee Mungu wangu, niliona haya.

"Ni hapa, mama," nikasema. "Kizuizi ni hiki kibanda."

Akageuka akatazama nguzo zake, mabati yake, masufuria. "Kumbe ndiyo mimi," akasema. Akaenda kuongeza kuni.

Siku ya makabidhiano mrithi wangu akafika toka Dar, kijana nadhifu, kofia ya saiti bado ina plastiki. Hati yangu ameisoma yote, ameipigia mistari. Tukaongozana na meneja na mpimaji wa mkandarasi kukagua kila jambo lililoandikwa. Nguzo, tukaiona. Tukafika kwenye miamba.

Hakuna kitu. Uwazi mtupu, jivu limefagiliwa.

"Kizuizi kiko wapi?" mrithi akauliza, kalamu mkononi.

Meneja alibadilika rangi. Eneo likiwa wazi, madai yake yanakoma kuanzia leo, na leo mashine zake zote ziko Usagara kwenye kazi nyingine. Hana hata koleo la kuanzia. Akazunguka miamba akiita, "Mama! Mama wee!" kwa sauti iliyolijaza ziwa lote. Tukamfuata.

Tulimkuta upande wa pili, chini karibu na maji, anakandamiza udongo kwenye nguzo ya mwisho. Mabati yamekaa, moto unawaka, benchi letu lipo.

"Mama, umetufanyia nini?" meneja akalia. "Si ungesubiri kidogo? Turudishe, vijana watabeba hata sasa hivi!" Na kweli alishika ncha moja ya benchi. Mwaka mzima anadai kibanda kitoke, leo anabembeleza kirudi!

"Acha benchi langu," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, umeambiwa hutoki mpaka mambo yaishe. Nikasema basi, langu lisiwe kwenye karatasi yako. Jana nimehama."

Nilitaka kumshukuru, lakini macho yakaangukia kigingi chenye rangi nyekundu kilichochomoza katikati ya mafiga yake. Kigingi chetu. Hapo ndipo mtaro wetu wa pili, ule mdogo wa kando ya barabara, ulipopangwa kumwaga maji, na kazi yake inaanza wiki ijayo.

Mrithi akakiona pia. Akafungua ukurasa mpya, akaandika taratibu huku anasoma kwa sauti: "Kizuizi kipya."

Mama alisikia. Aliiacha nguzo akaanza kufungua kamba ya turubai, mikono bado ina udongo.

"Hujasaini," nikamwambia mrithi.

"Bado, dada."

"Basi mhandisi mkazi bado ni mimi." Nikatoa mkobani kitabu cha maelekezo kwa mkandarasi. Kwenye mtaro mkubwa miamba ilinifunga mikono, lakini hapa palikuwa mchanga mtupu mpaka kwenye matete, na kusogeza mtaro mdogo ndani ya hifadhi ya barabara kulikuwa ndani ya mamlaka yangu. Nikamwita mpimaji apime mteremko upande wa matete. Akapima, akarudia, akasema maji yatakwenda. Nikaandika: mdomo wa mtaro mdogo usogezwe hadi pale. Nikasaini, nikamkabidhi meneja nakala yake.

Aliisoma, na rangi ikamrudia usoni. "Unajua hii nitaidai?"

"Dai."

"Na muda nitaomba."

"Omba, bwana, ndiyo kazi yako!"

Akakaa kwenye benchi, akaomba karatasi kwa mrithi wangu, akaanza kuandika taarifa ya madai palepale. Kijana wa watu alisimama na hati yangu mkononi, hajui aongeze ukurasa au akimbie. Mwishowe akaongeza ukurasa, akasaini, akakaa.

Mama bado alikuwa na kamba mkononi. "Sasa nihamie wapi tena, mwanangu?"

"Funga hiyo kamba, mama," nikasema. "Safari hii unaohama ni mtaro."