Vidonge vya Optatus

Optatus alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Shanwe, na watu wa Mpanda mjini walimheshimu kwa kutochanganya mchele wa mtu na wa mwingine. Kilichomchosha mke wake, Rozalia, ni kwamba mtu aliyeweza kufungua injini nzima na kuirudisha alishindwa kusema sentensi moja kwa daktari.

Mambo yalianza mwaka 1998. Malaria ilimlaza wiki mbili, na alipopata nafuu, nguvu za kiume zikamkataa mara mbili mfululizo. Mara mbili tu! Lakini alishika tama kama aliyefiwa. Mwaka uliofuata shemeji yake Libérat, mfanyabiashara wa nguo, alishuka kwenye treni kutoka Dar es Salaam na vidonge vya buluu, dawa mpya iliyokuwa gumzo huko mjini. Optatus alimeza kimoja, mambo yakawa sawa. Tangu siku hiyo hakumkaribia mkewe bila kidonge.

Baadaye akasikia wanaume wakibishana kilabuni kwamba dawa hizo ukizizoea mwili unasahau kazi yake. Akaogopa. Akajaribu siku moja bila kidonge huku moyo ukimdunda, akashindwa, akaona ndiyo uthibitisho. Kesho yake akameza viwili kwa mpigo, kichwa kikamgonga mpaka jioni.

Mvua zilipokata reli na Libérat akachelewa, Optatus, akiogopa vidonge vichache vilivyobaki visimwishie, alihamishia mkeka wa kulalia mashineni, eti analinda magunia ya watu.

"Baba Anselmo," Rozalia alimwambia mchana mmoja, amesimama katikati ya vumbi la pumba, "nimeolewa na wewe au na vidonge? Nenda hospitali. Usipokwenda, nitakwenda mimi nikakusemee."

Akaenda. Zahanati aliyoichagua ilikuwa na dokta mmoja, mama mtu mzima aitwaye Marta, na Optatus alipomwona akasema anaumwa goti. Akapewa dawa ya kuchua. Wiki iliyofuata akasema mgongo. Mara ya tatu aliporudia goti, Dokta Marta akaweka kalamu chini.

"Mzee, goti gani hili linahama? Nje kuna watu ishirini. Sema kilichokuleta."

Optatus alitazama mlango. Kisha akatoa karatasi ya vidonge mfukoni, akaisukuma mezani.

"Unakunywa vingapi?"

"Kimoja. Siku nyingine viwili."

"Viwili! Nani alikupima kabla?"

"Shemeji yangu, yeye huuza nguo."

"Shemeji yako muuza nguo?" Dokta Marta alishusha pumzi ndefu. Akamuuliza kama kifua humbana, kama anatumia dawa yoyote ya moyo, maana dawa zile za kuweka chini ya ulimi zikikutana na hivi vidonge presha inaweza kushuka ghafla na kuua. Hakuwa nazo. Akapima presha, ilikuwa juu kidogo. Mkojo haukuwa na sukari.

"Asubuhi ukiamka, nguvu zinakuwepo?"

"Zinakuwepo," alijibu akitazama sakafu.

"Basi mishipa inafanya kazi. Hii dawa haikushiki kama gongo, mwili hausahau. Kilichoegemea kidonge ni mawazo yako. Wapo watu, wenye kisukari kwa mfano, wanaoihitaji miaka yote, na si aibu. Wewe sidhani. Lakini hutaacha kwa hasira, ukashindwa, ukarudi kwenye viwili."

Akampangia: nusu kidonge badala ya kizima, tena si kila mara, baada ya mwezi, robo. Kamwe asizidishe. Apunguze chumvi na pombe, sigara aache, arudi kila wiki kupima presha. "Na mkeo aje. Hili si la kwako peke yako."

Rozalia alikuja. Dokta aliwaambia wakae wiki mbili wakilala pamoja bila kujaribu chochote, wakizungumza tu. Optatus aliguna. Rozalia alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa na hamu ya kuzungumzishwa tangu mwaka uliopita.

Haikwenda moja kwa moja. Nusu ilitosha, robo ikatosha mara nyingi. Siku moja bila kidonge alishindwa, akaanza kukunja mkeka arudi mashineni. Rozalia akamshika mkono. "Umechoka, umekoboa tangu alfajiri. Lala, mwanaume wewe, usinichoshe." Akalala. Juma lile lile, pasipo kidonge na pasipo mipango, mambo yakawa.

Reli ilipofunguka Libérat akafika na karatasi mbili mpya. Optatus akamrudishia.

"Vidonge vilivyobaki ninavyo vinne, dokta anajua. Nikihitaji vingine nitamuuliza yeye."

"Kumbe umepona!"

"Nimepona nini?" Optatus alifoka, akawasha mashine ili asiendelee kuulizwa.